Mkwe Wangu Aliandika Tutafungwa

Nasema mapema: Yoriko ni mkwe wangu, mjane wa mwanangu Tadao, na mimi si mtu wa kumsifu mkwe. Miaka yote aliyokaa chini ya paa langu nimemwambia wali wake una maji na sauti yake haifiki jikoni. Lakini kuna jambo alilifanya hapa Shiomura, na watu wanalisimulia vibaya, kila mtu kwa namna yake, na Gondo wa ngoma ndiye mbaya kuliko wote. Basi nalisimulia mimi. Nilikuwepo. Asiyependa akale tambi kwingine.

Timu yetu ilianza kama timu ya kiwanda cha karatasi. Kiwanda kilifungwa, timu ikabaki. Duka langu la tambi linatazamana na uwanja wa mazoezi, na tangu enzi za kiwanda wachezaji wanavuka barabara na soksi zao za matope kuja kula. Nimewalisha mabeki ambao leo ni babu. Kwa hiyo mtu asije kuniambia sijui mpira. Sijui kusoma herufi ngumu za gazeti, hilo sawa, nyingi zilinipita utotoni nikiwa nafunga karatasi kiwandani. Yoriko hunisomea kwa sauti, nami nasikiliza huku naosha bakuli.

Kabla ya Yoriko alikuwepo Mzee Tsukuda. Kila Jumamosi iliyotangulia mechi ya nyumbani, gazeti la hapa lilitoa uchambuzi wake: nani yuko vizuri, nani anaumwa, wageni wanachezaje. Mstari wa mwisho ulikuwa utabiri, na utabiri wa Tsukuda ulikuwa mmoja tu maisha yake yote: Shiomura mbili, wageni moja. Mwaka tuliofungwa mfululizo mpaka watoto wakaacha kuvaa jezi shuleni, aliandika mbili kwa moja. Siku kipa wetu alipolazwa hospitali na akakaa golini kijana asiyejua hata kupiga mpira wa goli, mbili kwa moja. Hakuna aliyemwamini na hakuna aliyetaka aache. Ilikuwa kama mimi ninavyomwambia mteja karibu tena. Simaanishi kila mteja arudi.

Tsukuda alipostaafu, vijana wa gazetini wote walitaka kuandika besiboli. Akabaki Yoriko. Yeye kazi yake pale gazetini ilikuwa kupokea simu: walimu wa shule wanapiga jioni kutaja matokeo ya mechi za wanafunzi, yeye anaandika. Miaka kumi na kitu anaandika namba za watu. Lakini kabla ya hapo Tadao alikuwa akimpakia kwenye lori lake la samaki kwenda kuangalia mechi za ugenini. Tadao anapiga kelele mpaka koo linakauka, mke wake amekaa kando, kimya, anatazama tu. Nilimuuliza mwanangu siku moja, "Huyu mkeo anapenda mpira kweli au anapenda safari?" Akaniambia, "Mama, huyu anaangalia wale wasio na mpira."

Sikuelewa. Nimekuja kuelewa baada ya Tadao kufa, Yoriko alipopewa safu. Jumatatu anatazama mechi iliyopita mara mbili kwenye kompyuta yake, pale meza ya kona. Mara ya kwanza anafuata mpira kama binadamu. Mara ya pili anauacha mpira uende zake, anatazama beki wa kulia anarudi kwa mwendo gani, kiungo anageuza shingo au hageuzi. Jumanne anawatazama wageni hivyo hivyo. Alhamisi anaenda mazoezini. Wanawaacha waandishi watazame wachezaji wakinyoosha misuli, halafu waandishi wanaonyeshwa geti, na kocha anakuja kuongea nao mwishoni. Ijumaa saa kumi na moja jioni makala inatakiwa iwe mezani kwa mhariri.

Mwaka wake wa kwanza uliisha na mechi moja mkononi: nyumbani, dhidi ya Takasuna. Tukipata sare, tunabaki daraja la tatu. Tukifungwa, tunashuka kwenye ligi ya ridhaa, na kila mtu mjini alijua maana yake. Wachezaji wangeondoka, wadhamini wangeondoka, na mimi ningekuwa napika tambi mbele ya kiwanja cha nyasi ndefu.

Alhamisi ya wiki hiyo, mchana, aliingia Toriumi, namba tisa wetu. Kijana mkubwa, mpole, mabao mengi ya msimu ni yake. Siku zote anavua viatu, anapanda kwenye jukwaa la mikeka, ambapo wateja hula wameketi chini, na kukunja miguu kama watu. Siku hiyo alikaa kaunta, kwenye kiti kirefu, mguu wa kushoto ameunyoosha kama mwiko. Nilimwekea tambi na kakiage juu, zile mboga za kukaangwa na unga. Sikuuliza. Alipoinuka, alishika kaunta kwa mikono miwili.

Nikageuka. Yoriko alikuwa amesimama mlangoni, ametoka mazoezini.

Toriumi alipoondoka nikamwambia, "Hukuona kitu."

"Nimeona, Mama."

"Nasema hukuona. Mtu akija kula kwangu amekuja kula. Ninachokiona dukani hakiendi gazetini. Tadao alilijua hilo, hata shemeji yake hakuwahi kumwambia nani anakunywa nini hapa."

"Klabu haijatangaza majeraha yoyote kwa Toriumi," akasema, akivua koti. "Kwa hiyo siandiki kwamba ameumia. Hiyo ni sheria yako na ni yangu pia. Lakini siwezi kuandika kwamba yuko fiti. Unaelewa? Hiyo itakuwa uongo."

"Sasa utaandika nini?"

"Nitaandika kilichoonekana na watu elfu tatu."

Akakaa kona yake, akaanza.

Kesho yake, kati ya wateja wa mchana na wa jioni, akanisomea. Nakumbuka karibu yote, maana niliosha bakuli moja tu muda wote ule.

Alianza na hali ya timu. Mechi tano za mwisho: tumeshinda moja, sare mbili, tumepoteza mbili. Mabao matatu, na yote matatu yametokana na kona. Hatujafunga katika mchezo wa kawaida, bila kona, tangu mwezi wa tisa. Tuliyofungwa ni manne, na matatu yaliingia dakika za mwisho, kwa sababu benchi letu ni jembamba na waliochoka hawana wa kuwapokea. Halafu majeruhi na waliokosekana. Nahodha Kusunoki, beki wa kati, goti, klabu imeshatangaza kwamba harudi msimu huu. Ezoe, beki wa kulia, kadi za njano zimemjaa, anatumikia adhabu. Nafasi yake huenda akacheza Sonobe, ambaye ni kiungo, mwenye akili nyingi na mbio chache.

Kuhusu Toriumi aliandika hivi: "Namba tisa ametolewa kabla ya dakika ya sabini katika mechi tatu mfululizo. Jumapili swali si kama ataanza, ni ataishia wapi, na nani atakayeshikilia mpira mbele baada yake."

Hakutaja mguu wala kaunta yangu. Lakini ukiisoma, unauona mguu ule umenyooka.

Akaendelea. Takasuna wanacheza mabeki watatu nyuma, na pembeni wana watu wawili wanaopanda na kushuka. Wa kushoto, Nimura, ndiye hatari yao. Nusu ya mabao yao yameanzia kwenye mguu wake. Naye atakuwa anamkabili Sonobe. Je, Kocha Isobe atamrudisha winga Manabe amsaidie Sonobe? Akimrudisha, ubavu unazibika, lakini tukiupora mpira hatuna wa kukimbia nao. Akimwacha mbele, Sonobe yuko peke yake na Nimura. Au apaki basi, mabeki watano, aombe sare? Timu iliyofungwa mabao matatu dakika za mwisho inaweza kuomba hivyo kwa nusu saa. Dakika tisini ni nyingi.

Kisha akasoma mstari wa mwisho. Shiomura bila, Takasuna moja.

Nikaacha bakuli ndani ya maji.

"Rudia."

"Bila kwa moja."

"Umechanganyikiwa? Wiki hii? Katika wiki zote umeichagua hii?"

"Sikuichagua mimi, Mama. Ratiba imeichagua."

"Usiniletee maneno ya ratiba! Watu wanakwenda kufa Jumapili na wewe unawaandikia tanzia Jumamosi! Andika sare. Sare inatutosha. Moja kwa moja, nani atakuua?"

"Ningeona sare ningeandika sare."

"Tadao angeandika tutashinda."

Nilijua ni neno baya nilipokuwa nalitoa. Yeye alifunika kompyuta taratibu. "Tadao angepiga kelele kwamba tutashinda," akasema. "Usiku angeniuliza mimi kitandani, kwa kweli kweli unaonaje? Nami ningemwambia bila kwa moja. Angeninunia mpaka asubuhi, halafu angeenda uwanjani na sauti yote."

Nilikwenda kukata vitunguu ambavyo havikuhitaji kukatwa, naye akaituma makala gazetini.

Saa kumi akaingia Bwana Namekata, mhariri wa michezo. Ofisi yao haiko mbali, lakini hajawahi kuja saa hiyo. Aliagiza figili na yai kutoka kwenye sufuria ya mchuzi, akaweka karatasi mezani mbele ya Yoriko. Alikuwa ameichapa makala, na mstari wa mwisho ameuzungushia wino mwekundu.

"Bi Odagiri," akamwambia Yoriko kwa jina la ukoo, "makala nzuri. Safi. Nimeisoma mara mbili."

"Asante."

"Kuna kinamba kimoja tu."

"Ndiyo."

"Jina la gazeti letu liko kwenye mkono wa jezi ya timu. Unalijua hilo. Jumapili wachezaji wataingia na jina letu begani, na sisi tumeandika watafungwa. Inaonekanaje?" Akakata figili yake vipande vinne. "Weka ile ya Mzee Tsukuda. Mbili kwa moja. Yaliyobaki yote yaache kama yalivyo, sitagusa hata nukta. Na tuseme ukweli, wengi wanasoma huo mstari wa mwisho tu."

Hapo ndipo nilipomwona mkwe wangu. Nimeishi naye miaka mingi na siku hiyo ndipo nilipomwona.

"Bwana Namekata," akasema, na sauti ilifika jikoni, "mistari yote hiyo inateremka mlima. Ezoe hayupo, Kusunoki hayupo, mbele hatufungi, nyuma tunachoka. Halafu mwishoni unataka iishie kileleni? Atakayesoma mstari wa mwisho tu utakuwa umemdanganya. Atakayesoma yote utakuwa umemtukana."

"Ni utabiri tu! Si hukumu ya mahakama!"

"Kama ni utabiri tu, basi uache."

"Nami kama mhariri nikiubadilisha?"

"Badilisha. Una haki. Lakini toa jina langu juu ya makala, na Jumatatu nirudishe kwenye simu za matokeo ya shule. Kule naandika namba ninayoambiwa, na hakuna anayeniuliza inaonekanaje."

Namekata akanitazama mimi. Nafikiri alitegemea nimsaidie, maana mji mzima unajua mimi ni shabiki wa namna gani. Nami kweli nilikuwa na hasira na yule mwanamke. Lakini nilimtazama mtu yule ameketi kwenye kiti changu, anakula figili yangu, anamfundisha mkwe wangu kuongopa.

"Bwana mkubwa," nikasema, "mimi nimeshamtukana leo, na nitamtukana tena ukiondoka. Hiyo ni shughuli yangu. Namba ni yake. Kama unataka ya Tsukuda, Tsukuda yu hai, yuko nyumba ya tatu kutoka hapa anacheza go, ule mchezo wa kete, na daktari wa meno. Nenda kamwite aje aweke jina lake."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa na mlango. Alimaliza yai. Akachukua karatasi yake, akaikunja.

"Basi. Inatoka hivyo hivyo. Ila kesho simu zikianza kulia, Bi Odagiri, utazipokea wewe."

"Ndiyo kazi yangu ya zamani," akasema Yoriko.

Na zililia. Jumamosi alikaa ofisini tangu asubuhi akapokea yeye mwenyewe, jina lake kwanza, salamu, halafu matusi. Kuna aliyemwambia arudi milimani alikotoka. Kuna mwalimu mmoja aliyezoea kumpa matokeo ya shule, yeye alipiga kusema tu kwamba ameisoma mpaka mwisho.

Kwangu walikuja akina Gondo. Gondo anauza keki za samaki sokoni na ndiye mpiga ngoma mkuu wa mashabiki, mtu mwenye shingo kama gogo. Aliingia na wenzake wanne, gazeti mkononi, akalipiga juu ya kaunta.

"Bi Shige! Huyu nyoka unamlisha mwenyewe!"

"Shusha sauti, wateja wanakula."

"Wateja gani, ni sisi tu! Sikiliza, Bibi. Ameandika Sonobe hana mbio. Sonobe mwenyewe akisoma? Ameandika tumechoka. Nani amechoka? Mimi sijachoka!"

"Wewe huchezi."

Wenzake wakacheka, naye akawageukia kwa jicho baya. "Tunataka umwambie aombe radhi kabla ya mechi. La sivyo hatukanyagi tena hapa."

Nikaweka mwiko chini. "Gondo. Mama yako alikuwa akikuleta hapa mgongoni unalia. Nikuulize kitu kimoja. Kati ya aliyoyaandika, lipi la uongo? Ezoe anacheza kesho?"

"Hachezi."

"Tumefunga bao bila kona tangu lini?"

Akalikunja gazeti lake.

"Basi kaa chini ule, au toka nje upige ngoma. Mkwe wangu nitamgombeza mimi. Ninyi nani amewapa ruhusa?"

Walitoka. Walikwenda kula kwa yule wa kituo cha treni, mchuzi wa pakiti. Wapate haki yao.

Jumapili nilifunga duka nikaenda uwanjani na blanketi langu. Yoriko alikuwa juu kwenye meza za waandishi, nami chini nyuma ya goli na ngoma. Sitasimulia mechi yote. Toriumi alianza na alitoka mapema kipindi cha pili, na baada yake mpira ukawa unakwenda mbele na kurudi kama unarushwa ukutani. Kocha alimrudisha Manabe kusaidia ubavu. Ikazibika kweli, kwa muda. Kisha Manabe akachoka. Zilipobaki kama dakika kumi, Nimura alimpita Sonobe kwa nje, akapiga krosi, na nyavu zikatikisika. Bila kwa moja. Uwanja mzima ukawa kama umemwagiwa maji, na watu, naapa, waligeuka kutazama juu kwenye meza za waandishi. Si golini. Juu kule. Kama yeye ndiye aliyepiga krosi.

Sikugeuka mimi. Nilijua nitakachokiona: mwanamke anayeandika.

Dakika za nyongeza tukapata kona. Kipa wetu Wakui akapanda, kila mtu akapanda. Mpira ukapita vichwa vyote vya watu warefu ukamkuta Sonobe, yule yule, amesahaulika nyuma ya nguzo ya mbali. Akaupiga kwa kichwa kama mtu anayegonga mlango. Moja kwa moja. Filimbi ikalia, tukabaki daraja la tatu, na mimi nilimkumbatia Gondo mpaka meno yangu ya chini yakatoka, sioni haya kulisema.

Halafu mashabiki wakaanza kumwimbia Yoriko kwa kejeli. Wimbo waliutunga hapo hapo, wenye jina lake na bila kwa moja ndani yake, na ngoma ikijibu. Waliuimba mpaka alipotoka getini na mkoba wake. Alisimama akawasikiliza mpaka mwisho. Akainamisha kichwa mara moja, kama wachezaji wanavyowashukuru mashabiki, akaenda zake kuandika.

Jumanne gazeti lilitoa maneno yake. "Nilitabiri bila kwa moja na nilikosea. Niliandika kwamba tunafunga kwa kona tu, na sikuwaza nani atakayepanda kwenye kona ya mwisho. Niliandika kuhusu miguu ya Sonobe. Sikuandika kuhusu kichwa chake." Basi. Hakuomba radhi kwa kutabiri. Aliomba radhi kwa kutotazama vizuri, na hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa Gondo mpaka leo hayatofautishi. Sonobe hajarudi kula kwangu. Hilo limebaki, na Yoriko analijua. Kila Alhamisi namwona anatazama mlango.

Ningeishia hapo kama watu wa Shiomura wangekuwa na akili. Msimu mpya ulikuwa unaanza mwezi wa tatu, nyumbani tena, na wiki ya kwanza akina Gondo wakaingia dukani wamenyoa, wamevaa mashati safi. Wakapanda jukwaa la mikeka wakapiga magoti kwenye mstari. Gondo akanisogezea kasha la keki za samaki lililofungwa kwa karatasi ya zawadi.

"Bibi yetu," akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwenye shingo ile, "tuna ombi dogo kwa Dada Yoriko."

"Dada? Mwezi wa kumi na moja alikuwa nyoka."

"Mambo ya zamani hayo, Bi Shige. Tumekaa, tumejadili. Yule mtu ana mkono wa bahati. Alipoandika tutafungwa, tukapona. Mzee Tsukuda aliandika tutashinda miaka yote, tumepata nini? Sasa tunamwomba aendelee. Kila mechi ya nyumbani, bila kwa moja. Asibadilishe. Tumeshachora bango."

Wakalifungua. Bango lilikuwa refu kuliko jukwaa: ODAGIRI, TUANDIKIE TUTAFUNGWA.

Nilicheka mpaka nikakaa. Lakini nitasema ukweli, nililichukua kasha. Na walipoondoka nilianza kuwaza. Mtu akikaa nyuma ya goli maisha yake yote anakuwa na mambo yake. Mimi soksi za mechi sifui tukishinda. Kwa nini nisimwambie mkwe aandike kinamba kisichomgharimu kitu? Safari hii mji wote ungempenda.

Alhamisi hiyo Toriumi alikuja kula. Alivua viatu, akapanda jukwaa la mikeka kwa mguu wa kushoto kwanza, bila kushika ukuta, akakunja miguu na kuagiza bakuli la pili.

Ijumaa Yoriko akakaa kona yake. Nikampelekea chai na keki mbili za Gondo kwenye sahani.

"Hizi zimetoka wapi?" akauliza.

"Kula kwanza."

"Mama."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye bango alifunika mdomo kwa mkono, mabega yanacheka. Kisha akaacha.

"Na wewe unataka nifanye hivyo?"

"Mimi nataka tushinde. Namba ina ubaya gani? Uliandika tutafungwa, ulikuwa sahihi au hukuwa sahihi, watu wamefurahi. Waandikie tena."

"Niliandika tutafungwa kwa sababu niliona tunafungwa. Sasa naona vingine." Akageuza kompyuta, ingawa anajua siwezi kusoma kile. "Kusunoki amerudi, amecheza mechi mbili za kirafiki nzima. Amesajiliwa beki wa kulia mwenye mbio. Katika mechi za kirafiki tumefunga mabao manne na moja tu ndilo la kona. Wageni wamebadilisha kocha, bado wanatafutana. Mama, tunashinda hii. Mbili bila."

"Kina Gondo watakuja na mapanga."

"Mwezi wa kumi na moja walitaka niandike tutashinda, nikakataa. Sasa wanataka niandike tutafungwa. Ni ombi lile lile, wamelipindua tu ndani nje kama soksi zako." Akaisogeza sahani ya keki upande wangu wa meza. "Bwana Namekata naye amepiga simu. Anasema bango limempendeza, ataka kulipiga picha, na kama ningeweka bila kwa moja ingependeza zaidi ukurasani. Nimemjibu kama nilivyomjibu siku ile."

"Na yeye?"

"Amesema anakumbuka mimi hupokea simu vizuri."

Nikakaa mbele yake. Hasira ile ya Novemba ilikuwa inarudi, naijua njia yake, inaanzia magotini. Halafu nikasema, kwa sababu mimi nikikasirika nasema, "Basi kama unaandika, andika na Toriumi. Mguu wake umepona. Jana amepanda jukwaa bila kushika kitu, mimi nimemwona kwa macho yangu."

"Siandiki."

"Ni habari njema hii!"

"Ninachokiona dukani hakiendi gazetini. Sheria ni yako, Mama. Nitaandika kwamba amecheza dakika tisini Jumamosi iliyopita. Inatosha."

Mkaidi. Sijui amejifunza wapi.

Jumamosi nilikata ukurasa ule, nikaubandika ukutani juu ya sufuria ya mchuzi, mahali ambapo atakayeagiza lazima auone. Kabla ya saa sita akina Gondo waliingia, bango limekunjwa kwapani. Waliusoma wamesimama. Safari hii waliusoma wote, kuanzia juu, kwa sababu hawakuamini mstari wa mwisho na walitaka kujua umefikaje pale.

"Mbili bila," akasema Gondo. Alikaa kaunta kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Bibi, ametumaliza. Kwa nini? Tulimwomba vizuri. Tulipiga magoti."

"Kusunoki amerudi au hajarudi?"

"Amerudi, lakini..."

"Beki wa kulia mpya ana mbio au hana?"

"Anazo. Lakini, Bi Shige, mambo ya mpira hayaendi hivyo, tunamkaribisha balaa, sasa hilo bango nilipeleke wapi, rangi yenyewe..."

Nikamwekea bakuli mbele yake na vijiti juu.

"Lipeleke uwanjani, ulikalie, viti vya kule vina baridi," nikamwambia. "Na ule. Tambi zinavimba."